Jirani akisema "Il fait pas chaud", unamjibu nini?

"Mwalimu, shikamoo. Nimehamia Lille tangu Septemba, nafanya kazi ofisi ya uhasibu. Kifaransa nilisoma Dar es Salaam miaka miwili na kusoma nasoma vizuri tu. Tatizo langu ni kwenye lifti. Kila asubuhi mama jirani ananiambia 'Il fait pas chaud, hein', namjibu 'Oui, il est froid', na maongezi yanafia hapo. Ofisini nako, kwenye mashine ya kahawa, ni hali ya hewa kutwa nzima, mimi nabaki nacheka tu. Nijifunze maneno gani?"

Marahaba, mwanangu. Maneno unayo ya kutosha. Katika jibu lako fupi zimo kasoro mbili, moja ya "oui" na nyingine ya "il est", na inayoyaua maongezi zaidi ni ile ya kwanza, ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya msamiati.

Sisi mtu akituuliza "Hujala?", tunajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, ni kama ulivyosema, sijala. Neno letu la kukubali linaikubali kauli nzima, hata ikiwa na kikanushi ndani yake. Mfaransa hafanyi hivyo. Kauli ikiwa ya kukanusha, anayekubaliana nayo hukanusha pia, kwa hiyo "Il fait pas chaud, hein?" huitikiwa kwa "Ah non!" au "Ça, non!", na anayetaka kupinga ndiye anayesema "Si". "Oui" yako tupu, isiyofuatwa hata na "c'est vrai", inamwacha mama jirani njia panda: umekubali kwamba hakuna joto, au unamwambia kwamba lipo? Kwa kuwa ni mstaarabu hatakuuliza. Anatabasamu, lifti inafika chini, na kila mmoja anashika njia yake.

Tazama pia kwamba yeye mwenyewe hakusema kuna baridi, amesema tu hakuna joto. Ndivyo Wafaransa wanavyopenda kulisema jambo wasilolifurahia: wanakanusha kinyume chake na kukuachia wewe umalizie. "Il fait pas très beau" ni mbingu iliyofunga. "On n'est pas gâtés", ambayo kwa neno ni kwamba hatudekezwi, husemwa mvua inapoingia siku ya tano mfululizo. La kuangalia zaidi ni "C'est pas terrible", kwa sababu mgeni hudhani anaambiwa kwamba hali si mbaya, ilhali anaambiwa kwamba ni mbovu. Ukijibu "Ah, tant mieux!" hapo, yaani afadhali, utakuwa umemshangilia mtu aliyekuja kulalamika.

Na "ne" uliyofundishwa darasani usiitafute kwenye lifti. Katika mazungumzo humezwa, na "il y a" hufupishwa kuwa "y a", hivyo sikio lako lizoee "il fe pa sho" na "ya du van". Unapomwandikia mkuu wako wa kazi barua pepe, andika "il ne fait pas chaud" kamili.

Sasa tuje kwenye "il est froid". Kiswahili hukipa kila kitu cha angani kazi yake: mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma, na kilichobaki tunakiwekea "kuna". Kifaransa kina milango mitatu, na kila neno lina mlango wake. Sifa, kama vile "froid", "chaud", "beau" na "doux", huingia kwa "il fait". Nomino, kama vile "vent", "soleil", "brouillard" na "verglas", huingia kwa "il y a", ikifuatana na "du" au "de la": "il y a du vent", "il y a du brouillard". Mlango wa tatu ni wa vitenzi visivyohitaji msaada: "il pleut", "il neige", "il gèle". Ukikwama, jiulize kama neno ulilonalo ni sifa au ni jina la kitu, nawe utajua mlango. Utasikia watu wakisema "il fait du vent" vilevile, na si kosa, lakini kinyume chake, yaani "il y a froid", hakisemwi kabisa.

"Il est froid" ni sentensi sahihi ya jambo jingine. Mama jirani anasikia kwamba kuna kitu cha kiume kilichopoa, labda kahawa, ila si supu ya jana kwa sababu "soupe" ni ya kike, au kwamba kuna bwana fulani asiye na uchangamfu. Mwili nao una mlango wake wa peke yake. Sisi tunasikia baridi, wao wana baridi: "j'ai froid", "j'ai chaud". Mimi nililijua hili kwa gharama. Julai yangu ya kwanza nikiwa Lyon niliingia ofisini nikijipepea kwa gazeti, nikatangaza mbele ya watu wote, "Je suis chaud!" Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kichekesho, kwa sababu maneno hayo katika Kifaransa cha mtaani humaanisha ama kwamba niko tayari kwa lolote, ama kwamba tamaa za mwili zimenipanda. Mwenzangu mmoja alinivuta kando akanieleza taratibu.

Katika sifa zinazoingia kwa "il fait", ziko mbili zinazowachanganya watu wetu kwa sababu zote tunazitafsiri kuwa "nzuri". "Il fait beau" inahusu mbingu: jua lipo, mawingu hayapo, hata kama maji yameganda nje. "Il fait bon" inahusu ngozi: pahali hapa panastarehesha, si joto si baridi, na unaweza kuisema hata ndani ya nyumba. Asubuhi ya Januari yenye jua kali na barafu kwenye vioo vya magari, Lille, ni "Il fait beau mais il fait froid", na hakuna mgongano wowote hapo.

Tena sifa hizi hazisomwi kwenye kipimajoto peke yake. Nyuzi 12 za Januari ni "il fait doux", hali tulivu isiyotarajiwa, na jirani ataisema kwa furaha. Nyuzi 12 hizohizo zikija mwezi wa Juni ni "il fait frais", au ni ile "il fait pas chaud" yako ya kila siku. Kila neno linapimwa na mazoea ya msimu, na ndiyo maana mgeni anayejibu kwa jinsi mwili wake wa Kariakoo unavyohisi hukosea hata akiwa na sarufi safi. Mwezi wa Aprili mimi na koti langu tuliambiwa "Il fait bon, hein!", nikaitikia "Ah oui, ça fait du bien", meno yakigongana. Neno moja utakalolipokea kama ndugu ni "lourd", yaani zito: "Il fait lourd" ni fukuto, ile hewa isiyopumulika kabla ya mvua ya radi, na Dar ya Machi imekuandaa kulielewa kuliko mwenzako yeyote wa ofisini.

Kwa kuwa uko Lille, mvua ndiyo itakayokulisha maongezi. Manyunyu yasiyokatika, yanayolowesha bila kunyesha, ni "bruine" au "crachin". Mvua ya kupita ni "averse", na upenyo wa jua kati ya mvua mbili ni "éclaircie", neno ambalo watu hulitamka kwa matumaini makubwa kuliko linavyostahili. Mvua kubwa husemwa "il pleut des cordes", yaani zinanyesha kamba. Lakini kaskazini huko, karibu na mpaka wa Ubelgiji, wana neno lao, "une drache", na kitenzi chake "il drache". Siku utakayoingia ofisini umelowa chepechepe ukasema "Qu'est-ce que ça drache!", utaona nyuso zikigeuka, maana hilo si neno la kitabuni, ni la mtu aliyelowea pale pale. Usiende nalo Marseille ukatarajia matokeo hayohayo.

Chunga matamshi ya "il pleut". Herufi ya t haisikiki, na irabu yake hatuna: ulimi uwe pahali pa "e", midomo iviringe kama ya "o". Ukiacha r ijipenyeze mwishoni, utakuwa umesema "il pleure", yaani analia, na mama jirani ataangaza macho akitafuta mtoto.

Majira ya mwaka yana mtego wa kisarufi na mwingine wa maana. Wa kisarufi ni mdogo: "en été", "en automne", "en hiver", lakini "au printemps", kwa kuwa hilo peke yake linaanza na konsonanti, na yale mengine matatu huanza na irabu au h isiyotamkwa. Wa maana ni mkubwa zaidi. Kamusi zetu hupenda kuandika "kiangazi" mbele ya "été", na kwa kitabu cha shule inatosha. Lakini kiangazi chetu ni ukavu, si joto. Juni hadi Agosti sehemu kubwa ya Tanzania haina mvua na ndiyo miezi yenye ubaridi wake, hata watu wa Makete na Kitulo huamka wakakuta sakitu shambani. Mwenzako wa ofisini akiuliza "Et chez vous, il fait quel temps en ce moment?", usimtafsirie kiangazi kwa "été". Mwambie "C'est la saison sèche". Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni "la petite saison des pluies", na masika, kati ya Machi na Mei, ni "la grande saison des pluies". Wazungumzaji wa Kiswahili wa Lubumbashi na Bujumbura, waliokua na Kifaransa shuleni, wamezoea kusema "saison sèche" na "saison des pluies" bila kuhangaika na "été" wala "hiver".

Swali hilo la kwenu lina sura nyingine ya mzaha ambayo itakufikia kila Desemba hadi uichoke: "Vous devez avoir froid, vous!" Mara nyingi halina ubaya, ni mlango tu unaofunguliwa. "Je m'habitue" linatosha, au, ukitaka kuwashangaza, "Chez nous aussi, il gèle, en montagne", na hapo maongezi yatakuwa yako kwa dakika nzima.

Umeona kwamba sijataja "Quel temps fait-il?", sentensi ya kwanza katika kila kitabu cha Kifaransa. Jirani hakuulizi hivyo, kwa sababu nyote wawili mnaiona mvua ileile. Swali hilo ni la simu, la mtu aliye pahali pengine. Walio pamoja hawaulizani hali ya hewa, wanaithibitishiana. Ifananishe na "Habari za asubuhi" yetu: anayeuliza hangoji taarifa, na anayejibu "Nzuri" hajatoa ushahidi. Kifaransa cha kwenye lifti hakina habari za nyumbani, watoto, wala mzee kijijini, na ukimuuliza mama huyo habari za wanawe kabla hajakutajia kwamba anao, atajiona amepekuliwa. Hali ya hewa inashika nafasi hiyo kwa kuwa si mali ya mtu.

Jibu jema basi lina sehemu mbili: unakubali, kisha unaongeza kitu kimoja kidogo ambacho naye anaweza kukishika. Nikiiandika upya asubuhi yako ya Januari, ingekuwa hivi:

– Bonjour ! Il fait pas chaud, ce matin, hein ?
– Bonjour, madame. Ah non ! Et en plus, il y a du vent.
– Et ils annoncent du verglas pour demain.
– Ah bon ? Il va falloir faire attention.
– Eh oui… Allez, bonne journée !
– Merci, vous aussi !

Salamu imetangulia, na "madame" imeifuata, maana bila hiyo "Bonjour" huwa kavu kwa mtu mzima asiyekuzoea. "Ah non" imekubali. Upepo ndicho kile kitu kidogo, nao umempa njia ya kuleta habari ya kesho. "Ils" wa "ils annoncent" hawana majina: ni watabiri wa hali ya hewa, kama sisi tunavyosema "wamesema kesho mvua". Huhitaji wakati ujao wa kitenzi, kwa kuwa "ils annoncent" pamoja na nomino hukuvusha salama, na "il va pleuvoir" hukuepusha na "il pleuvra" ambayo hata wenyeji huitumia kwa nadra wanapoongea. "Verglas" ni ile barafu nyembamba isiyoonekana barabarani, inayovunja nyonga za wazee, kwa hiyo "faire attention" si maneno ya kujaza nafasi. Na "Allez" haimwambii mtu aende. Ni ishara kwamba maongezi yamefikia ukomo, na ukiisikia, aga. Kuongeza mada baada ya "Allez" ni sawa na kumshika mgeni mkono akiwa amekwisha kuvaa viatu.

Kuna jambo moja la kimalezi litakalokushika ulimi. Sisi mvua ni neema, na wengi wetu tunaona vibaya kuilalamikia. Nao, usipolalamika pamoja nao, wanahisi umewaacha peke yao. Njia ya katikati ipo na ni yao wenyewe: kubali kwanza, "Ah, c'est pas terrible, non", kisha sema "mais c'est bon pour les jardins". Atakuunga mkono mara moja, huenda akakutajia na bustani yake.

Yapo maneno ya hali ya hewa ambayo si ya kupitishia muda, nawe uyatofautishe. Météo-France, idara ya taifa ya utabiri, hutoa ramani ya tahadhari yenye rangi nne, kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Ilianza mwaka 2001, baada ya dhoruba mbili zilizoipiga Ufaransa Desemba 1999. Mtu akisema "On est en orange", anakupa taarifa, na swali linalofaa ni "Pour quoi ? Le vent ?" ili ujue la kufanya. Vivyo hivyo "canicule". Siku moja ya jua kali si "canicule". Neno hilo ni la joto linaloendelea siku kadhaa huku usiku nao ukikataa kupoa. Agosti 2003 joto la namna hiyo liliua watu wapatao 15,000 nchini humo, wengi wao wazee, wengi wakiishi peke yao. Joto kama hilo likirudi, usimwambie mama jirani "Il fait chaud, hein" ukapita. Gonga mlango umuulize: "Vous tenez le coup, avec cette chaleur ? Vous avez besoin de quelque chose ?" Hapo ndipo salamu zote za kwenye lifti zinapokuwa zimekuandalia njia, kwa sababu atakufungulia.

Ofisini mambo ni mepesi zaidi. Wenzako wa rika lako pengine wameshakuambia "tu", nao wanaweza kusema "Ça caille !" penye baridi kali, neno ambalo mama jirani usimpelekee. Kinachowasumbua wanafunzi wangu pale ni Jumatatu, kwa kuwa mazungumzo yanahusu siku zilizopita. Siku iliyokwisha na kufungwa husemwa kwa "il a fait", "il a plu": "Il a plu tout le dimanche." "Il faisait" na "il pleuvait" ni mandhari tu, yanayongoja tukio: "Il pleuvait, alors on est restés à la maison." Ukisema "Il faisait beau samedi" ukanyamaza, mwenzako huenda akabaki anangoja, kwa maana umetandika mkeka na hukuleta chakula.

Mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma, na ghafla giza linaingia mkitoka kazini. Hapo utasikia "il fait nuit à cinq heures", mlango uleule wa "il fait", na yeyote aliye karibu na mashine ya kahawa atakuwa na la kuongeza. Ukikosa kabisa la kusema, liko moja linalofaa mwaka mzima, kwa joto la Februari na kwa baridi ya Juni, nalo husemwa kwa kutikisa kichwa kidogo huku kikombe kikiwa mkononi: "Y a plus de saisons." Utajibiwa "Ah non, y a plus de saisons", kwa "non", kama tulivyoona, kisha mtu atatupa kikombe chake na kusema "Allez, j'y retourne", nawe rudi kwenye hesabu zako.